Tivi Yako ya Kitambo Imekataa Waifai Mpya? Usiiuze Bado, Cheki Hizi Setingi za Ruta

Wasee wa Junda, hii story mnaijua. Watu wa faiba wamekuja, wametoboa ukuta, wamepachika ruta mpya, wamekula soda na wameenda. Simu yako inashika waifai kama moto. Ya dadako pia. Halafu unawasha ile tivi ya inchi 32 uliyonunua mkono wa pili, unaweka paswadi, nayo inakuambia paswadi si sahihi. Unarudia polepole, herufi kwa herufi. Jibu ni lile lile.

Jirani yangu mwenye kinyozi hapa mtaani alipitia hii noma wiki nzima. Tivi yake ni ya 2014, na wateja wake hungoja zamu wakicheki mpira na miziki ya Yutubu. Fundi mmoja akamwambia kadi ya waifai ya tivi imekufa, alete elfu tatu ibadilishwe. Mwingine akataka kumtolea tivi kwa bei ya kutupa. Mwanangu alikuwa ashaanza kukubali. Kumbe tivi haikuwa na shida yoyote. Ni ruta iliyokuwa inaongea lugha ambayo tivi haikuwahi kufundishwa.

Kwanza jua tivi inakataa vipi

Usiguse setingi yoyote kabla hujaangalia kitu kimoja: jina la waifai yako linaonekana kwenye tivi au halionekani?

Kama jina halionekani kabisa, ila ya majirani inaonekana, shida iko kwa bendi au kwa toleo la waifai. Tivi haisikii ruta ikiita.

Kama jina linaonekana lakini inagoma ukiweka paswadi, mara nyingi shida ni aina ya ulinzi. Tivi inasikia ila haielewi salamu ya mlangoni. Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu tivi za zamani zina ujumbe mchache wa makosa. Salamu ikifeli kwa sababu yoyote ile, inakuandikia tu "Incorrect password". Kwa hivyo paswadi inaweza kuwa sawa kabisa na bado ukaambiwa umekosea.

Kama imeunganika lakini haifungui kitu, hiyo ni kesi nyingine. Cheki kama tarehe na saa za tivi ziko sawa, maana saa ikiwa mbovu tovuti na programu nyingi hukataa kufunguka.

Jaribio la simu, dakika tano tu

Kabla ya kumpa mtu doo, tumia simu yako kama ruta. Fungua setingi za hotispoti. Kwenye ulinzi chagua `WPA2-Personal`, na kwenye bendi chagua `2.4 GHz`. Simu zingine za Androidi zina kitufe kinaitwa `Extend compatibility`, na kwa aifoni mpya kinaitwa `Maximize Compatibility`. Washa hicho.

Sasa unganisha tivi na hotispoti. Ikishika, kadi ya waifai ya tivi ni nzima na tatizo liko kwa setingi za ruta. Ikikataa hata hapo, ndio fundi ana haki ya kusikizwa. Kwa kinyozi wetu tivi ilishika mara ya kwanza. Elfu tatu zikabaki mfukoni.

Mbona ruta mpya na tivi ya kitambo hazielewani?

Ulinzi wa waifai unaoitwa WPA2 ulitoka 2004. Tivi ya 2014 inaujua huo. Mwaka wa 2018 kukatangazwa WPA3, na tangu Julai 2020 kifaa kipya hakipati cheti cha Wi-Fi Alliance bila kuwa nao. Ruta nyingi za sasa huja nao tayari, na zingine huwa zimeuwasha kutoka kiwandani.

Tofauti iko kwa salamu. Kwa WPA2, mtu anayesikiliza hewani anaweza kunasa salamu yenu, aende nayo kwake na akae akikisia paswadi usiku kucha na kompyuta. WPA3 ilibadilisha salamu yenyewe, inaitwa `SAE`, ili kila kisio lazima lifanywe pale pale mbele ya ruta. Pia inalazimisha kinga ya ujumbe wa usimamizi, ile utaona imeandikwa `PMF` au `802.11w`. Tivi ya 2014 ilitengenezwa kabla ya SAE kuwa kwa waifai za nyumbani, na nyingi za umri huo hazina PMF.

Sasa utasema, "Lakini ruta yangu iko kwa `WPA2/WPA3`, si inakubali zote?" Inafaa ikubali. Ila kwa modi hiyo ruta hutangaza aina mbili za salamu kwenye orodha moja, na tivi zingine za zamani zikikuta orodha ina kitu zisichokijua, huchanganyikiwa na kuacha yote. Ndiyo maana modi ya mchanganyiko husaidia wengine na kuwakwamisha wengine.

Kitu cha pili ni toleo la waifai. Tivi nyingi za bei ya chini za miaka hiyo zina `802.11n` na zinasikia bendi ya 2.4 GHz peke yake. Ruta mpya ni `802.11ax`, ile inauzwa kama Wi-Fi 6. Toleo jipya limeundwa likubali la zamani, lakini matangazo yake yana maelezo ya ziada, na programu mbovu ya kifaa cha zamani inaweza kuyaruka yote kana kwamba hayapo. Hata laputopu zimewahi kukosa kuona waifai ya `ax` hadi zikapewa draiva mpya. Tivi ya mkono wa pili nani ataipa draiva?

Sasa tuingie kwa ruta

Simu ikiwa kwa hiyo waifai, zima data, halafu fungua brauza uandike anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta. Mara nyingi ni mojawapo ya hizi:

```
192.168.1.1
192.168.0.1
192.168.100.1
```

Jina na paswadi ya kuingilia pia viko kwa stika. Onyo moja: usibonyeze kile kitundu cha `Reset` ukidhani unarahisisha kazi. Kinaweza kufuta hata maelezo ya laini kutoka kwa kampuni, ubaki bila intaneti hadi waje tena.

Piga picha ya setingi zilivyo kabla hujabadilisha. Kisha enda hatua kwa hatua, ukijaribu tivi baada ya kila moja, ili ujue ni ipi ilikuwa na makosa.

1. Tenganisha bendi. Zima `Smart Connect` au `Band Steering`. Ipe 2.4 GHz jina lake, kwa mfano `Kinyozi_TV`, bila nafasi wala alama za ajabu. 5 GHz iache na jina lake.

2. Badilisha ulinzi wa 2.4 GHz. Chagua `WPA2-PSK` na `AES`. Ukiona `PMF`, iweke `Disabled` au `Optional`. Usichague `TKIP`, maana hiyo ni ya kizamani na inarudisha kasi kwa 54 Mbps kwenda chini. Na tafadhali usiache waifai wazi bila paswadi ati tivi ipite. Ploti nzima itahamia kwako.

3. Shusha toleo la 2.4 GHz. Pale palipoandikwa `Mode`, toa `802.11b/g/n/ax` uweke `802.11b/g/n`. 5 GHz usiiguse, simu zako zibaki na mbio zao.

4. Chagua chaneli. Weka 1, 6 au 11, na upana `20 MHz`. Ruta ikiwa kwa `Auto` inaweza kujipeleka chaneli ya 12 au 13, na kuna tivi zilizotengenezewa soko la Marekani ambazo hazisikizi huko. Hizi ndizo zile jina huonekana leo, kesho limepotea.

Ukimaliza, kwa tivi futa ile waifai ya zamani, chomoa waya wa umeme dakika moja, washa, na uweke paswadi upya. Tivi nyingi zikizimwa na rimoti huwa zimelala tu, hazijazima.

Kwa kinyozi, hatua ya kwanza ilileta jina jipya lakini paswadi bado ilikataliwa. Ya pili ndiyo iliyofungua mlango. Ruta ilikuwa kwa `WPA2/WPA3` na `PMF` ikiwa `Required`. Hatua ya tatu na ya nne hazikuhitajika, kwa hivyo hatukuzigusa.

Je, umejishushia ulinzi?

Kiasi, ndiyo, kwa ile bendi moja. Dawa ni paswadi ndefu. Namba ya simu yako au jina la timu ni rahisi kukisia. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora zaidi. Kama ruta yako inakubali kila mtandao uwe na ulinzi wake, kuna njia safi zaidi: washa mtandao wa wageni, uuweke `WPA2-PSK`, uingize tivi humo, na ule mkuu uubakishe kwa WPA3. Ubaya ni kwamba mtandao wa wageni mara nyingi hutenga vifaa, kwa hivyo hutaweza kurusha video kutoka simu hadi tivi.

Kama umefungiwa setingi

Kampuni zingine hudhibiti ruta kutoka mbali, na ukurasa wako hauna hizo sehemu, au unabadilisha na kesho zimerudi. Pigia huduma kwa wateja na uwaambie hivi: "Naomba 2.4 GHz itenganishwe, iwekwe WPA2-PSK AES, na modi ya b/g/n." Ukisema tu "tivi haishiki", utaambiwa uzime na uwashe.

Na kama tivi ina tundu la `LAN` nyuma, waya wa mtandao unamaliza ubishi wote. WPA ni ya hewani tu, kwa waya hakuna salamu ya paswadi.

Mwisho, kuna tivi itashika waifai vizuri na bado Yutubu ikagoma, kwa sababu ile programu yenyewe imeachwa na haipokei tena masasisho. Hapo ruta haina kosa. Ikiwa kioo ni kizima na kuna tundu la `HDMI`, kijisanduku cha Androidi kitaifanya tivi iendelee na kazi, na hicho hakitajali tivi ni ya mwaka gani.