Kutazama Kabla ya Kusoma: Jinsi Programu Zilivyojifunza Kutambua Hati na Mwelekeo wa Maandishi

Programu inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi haina jicho moja linalosoma kila kitu. Ndani yake kuna visomaji kadhaa, na kila kisomaji kimefunzwa hati yake: kimoja Kilatini, kingine Kiarabu, kingine Kigiriki, kingine Kichina. Kisomaji cha Kilatini kikipewa aya ya Kiarabu, hakikatai kazi. Hutafuta herufi za Kilatini zinazokaribiana na maumbo kinayoyaona, kisha hutoa mstari mzima usio na maana. Hali huwa hivyo hivyo ukurasa ukiingia kichwa chini. Kwa hiyo, kabla ya kusoma neno la kwanza, programu inapaswa kujibu maswali mawili: maandishi haya ni ya hati gani, na upande upi ndio juu? Maswali haya yanaonekana kuwa mepesi, lakini ilichukua miaka mingi kutambua kwamba yamefungamana.

Mwanzoni maswali hayo hayakuulizwa kwa sababu binadamu alikwisha kuyajibu. Mashine za miaka ya 1950 na 1960 zilisoma maumbo machache ya herufi yaliyojulikana, na mhudumu aliziwekea karatasi zikiwa zimesimama sawasawa. Hata Tesseract, programu ambayo ndiyo uti wa mgongo wa historia hii, ilianza hivyo. Kampuni ya Hewlett-Packard iliitengeneza kati ya mwaka 1985 na 1994, na lengo lake la kwanza lilikuwa Kiingereza. Katika mazingira hayo swali la hati halikuwa na maana, na swali la mwelekeo lilikuwa kazi ya mtu aliyeshika karatasi.

Hali ilibadilika pale skana na mashine za faksi zilipoanza kumeza karatasi kwa mafungu. Karatasi moja iliingia wima, nyingine ubavu, nyingine kichwa chini, na hapakuwa na mtu wa kuzikagua zote. Mwinamo mdogo wa digrii chache ulikuwa na dawa: programu ilipima mistari ya wino na kuizungusha picha mpaka mistari ikalala sawa. Lakini mistari iliyolala sawa haisemi juu ni wapi, kwa kuwa ukurasa uliopinduliwa nao una mistari iliyolala sawa. Ilibidi itafutwe alama ndani ya herufi zenyewe.

Alama hiyo ilielezwa vizuri mwaka 1995 na Dan Bloomberg na wenzake wawili, Gary Kopec na Lakshmi Dasari. Walitumia jambo ambalo kila msomaji wa hati ya Kilatini amelizoea bila kulitafakari: herufi zinazopanda juu ya mstari, kama b, d, h, k, l na t, hujitokeza mara nyingi zaidi kuliko zinazoshuka chini yake, kama g, p na y. Chukua sentensi ya Kiswahili, “Kitabu hiki kilichapishwa Zanzibar.” Ukiacha nukta za i, utakuta herufi 11 zinazopanda, zikiwamo herufi kubwa mbili, na moja tu inayoshuka, ile p ya “kilichapishwa”. Pindua sentensi hiyo, na sasa vichwa 11 vitaning’inia chini huku kimoja tu kikielekea juu. Programu haihitaji kujua hata herufi moja kwa jina. Inahesabu vichwa vya juu na vya chini, kisha inaamua.

Njia hiyo ilikuwa nyepesi na ya haraka, lakini ilibeba sharti lililofichika. Kichwa cha habari chenye herufi kubwa tupu hakina cha kuhesabiwa, kwa sababu herufi zote zina kimo kimoja. Kirusi kinaleta tatizo zito zaidi. Katika herufi ndogo za chapa za Kisiriliki, zinazopanda ni chache sana, ilhali zinazoshuka, kama р na у, ni za kawaida. Kanuni ya Kilatini ikitumiwa pale inaweza kutangaza kwamba ukurasa uliosimama sawa umepinduliwa. Maana yake ni kwamba, ili uamini jibu la mwelekeo, ni lazima uwe umekwisha kuijua hati.

Wakati huohuo watafiti wengine walishika ncha ya pili, yaani swali la hati. Lawrence Spitz, katika makala yake ya mwaka 1997, alitazama mabonde yaliyo wazi kwa juu ndani ya maumbo ya wino, kama bonde la herufi u. Katika hati ya Kilatini mabonde hayo hukusanyika kwenye vimo viwili vya mstari, ilhali katika maandishi yenye asili ya Kichina hutawanyika kutoka chini hadi juu. Mwaka huohuo Judith Hochberg na wenzake wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walichapisha njia pana zaidi. Walikata ukurasa kuwa vipande vya wino vilivyoungana, wakakileta kila kipande kwenye kipimo cha pikseli 30 kwa 30, wakavipanga vinavyofanana katika makundi, na kila kundi wakalifanyia kielelezo. Ukurasa mpya ulilinganishwa na vielelezo vya hati 13, miongoni mwake Kiarabu, Kiethiopia, Kiebrania na Kisiriliki, na hati iliyolingana zaidi ndiyo iliyochaguliwa.

Hapa napo palikuwa na sharti lililofichika. Bonde lililo wazi kwa juu, ukurasa ukipinduliwa, huwa wazi kwa chini, na kielelezo cha herufi iliyosimama hakilingani na herufi iliyolala ubavu. Mwenye kutafuta hati alidhani mwelekeo unajulikana, na mwenye kutafuta mwelekeo alidhani hati inajulikana. Tieniu Tan alijaribu kukwepa fundo hilo mwaka 1998 kwa kutazama eneo zima la maandishi kama mfumo wa mistari na madoa, bila kukata herufi, na kwa vipimo visivyobadilika picha inapozungushwa. Njia hiyo iliweza kutaja hati bila kujua juu ni wapi, lakini ilihitaji eneo kubwa lenye maandishi ya aina moja, na swali la mwelekeo bado lilisubiri.

Fundo lilifunguliwa kwa namna iliyokuja kutumika sana pale Tesseract iliporudi katika historia hii. Mwaka 2005 programu hiyo iliachiwa wazi kwa umma, na tangu 2006 Google iliigharimia, wakati ambapo kampuni hiyo ilikuwa ikipiga picha vitabu vya maktaba katika lugha nyingi. Mwaka 2009 Ranjith Unnikrishnan na Ray Smith walieleza njia ya kujibu maswali yote mawili kwa pamoja. Kila kipande cha wino hupitishwa kwenye kitambuzi kimoja kilichofunzwa herufi teule za hati mbalimbali, na hujaribiwa katika mielekeo minne: wima, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na kichwa chini. Alama za kipande hicho hugawanywa kwa mielekeo minne kulingana na jinsi kilivyotambulika katika kila mmoja, kisha alama za vipande vyote hujumlishwa.

Tuone jinsi hesabu inavyokwenda. Herufi o ni ileile ukiizungusha utakavyo, hivyo kila mwelekeo hupata karibu robo, nayo haibadilishi matokeo. Herufi n ikipinduliwa hufanana na u, kwa hiyo ushahidi wake ni dhaifu. Lakini a, e na k zikipinduliwa hazifanani vizuri na herufi yoyote ya Kilatini, hivyo alama zake nyingi huenda kwa mwelekeo ulio sahihi. Kuhusu hati, o hupatikana pia katika Kigiriki na Kisiriliki, kwa hiyo kipande kinacholingana na hati mbili kwa karibu hakitegemewi. Vile vinavyolingana na hati moja tu ndivyo vinavyoamua. Hakuna herufi inayotoa hukumu peke yake; hukumu ni ya jumla.

Kwa nini suluhisho hili lilikuja wakati huo na si mwaka 1995? Mtu anaweza kusema ni nguvu ya kompyuta, kwa kuwa kujaribu kila kipande mara nne ni kuongeza kazi mara nne. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi, kwa sababu vipande mia moja au mia mbili vinatosha kufikia uamuzi. Sababu yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni mahitaji. Mtu mwenye nyaraka za Kiingereza tupu hana haja ya kufungua fundo la hati, lakini mwenye maktaba ya lugha nyingi hawezi kulikwepa.

Msomaji mwenye Tesseract anaweza kuona hatua hii ikifanya kazi peke yake, kabla ya kusoma neno lolote:

```
tesseract ukurasa.png stdout --psm 0
```

Kwa ukurasa uliopinduliwa, jibu huwa na mistari ya namna hii:

```
Orientation in degrees: 180
Rotate: 180
Orientation confidence: 9.40
Script: Latin
Script confidence: 3.10
```

Namba za uhakika si asilimia. Zinaonyesha jinsi jibu la kwanza lilivyoliacha nyuma jibu la pili, na zikiwa karibu na sifuri, programu imekisia tu. Vipande vinavyofaa vikiwa chini ya 50, kwa kawaida yake hukataa kujibu na kutoa ujumbe `Too few characters`. Jibu likitiliwa shaka, soma ukurasa katika mielekeo yote minne, kisha linganisha: upande sahihi hutoa maneno yanayojulikana, na pande za makosa hutoa herufi zilizotawanyika.

Lakini jumla ya ukurasa mzima ina udhaifu wake. Fikiria *Qurani Takatifu* ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, ambamo aya za Kiarabu ziko pamoja na tafsiri ya Kiswahili kwa hati ya Kilatini. Programu ikiulizwa kuhusu ukurasa wote hutaja hati moja, na kisomaji kimoja kikitumika, sehemu ya hati ya pili huharibika. Ndiyo maana utafiti ulishuka kutoka ukurasa hadi mstari. Mwaka 2017 watafiti wa Google walieleza mtandao wa neva unaotazama picha ya mstari mmoja na kutaja hati yake moja kwa moja, badala ya kuhesabu herufi mojamoja. Katika majaribio ya lugha 232 zenye hati 30, makosa ya kutambua hati yalipungua kwa 16%, na makosa ya herufi yaliyosababishwa na hati kukosewa yalipungua kwa 33%.

Mpaka mmoja haujavukwa na hatua yoyote kati ya hizi: kutaja hati si kutaja lugha. Utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu utatambuliwa kuwa Kiarabu, na kwa upande wa hati jibu hilo ni sahihi. Lakini kisomaji cha lugha ya Kiarabu kitakachopewa kazi hiyo kitatafuta maneno ya Kiarabu ambayo hayapo. Kwa hiyo anayehifadhi vitabu vyetu kwa njia ya picha na azingatie mambo matatu: akate ukurasa wenye hati mbili kuwa maeneo mawili kabla ya kuuliza hati, asiamini jibu lenye uhakika mdogo, na pale anapoijua hati na lugha ya kitabu, aitajie programu yeye mwenyewe.