Robo tatu kwa mbinu ya mlafi: Jinsi 3/4 inavyogeuka kuwa nusu na robo

Mikate mitatu, watu wanne. Kila mtu apate sawa, na asiwepo wa kununa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: 3 gawanya kwa 4, kila mmoja anapata 3/4. Shida inaanza kisu kikishikwa. Ukikata robo moja kutoka kila mkate, watu watatu wanaondoka na kipande kimoja kikubwa cha robo tatu, na wa nne anabaki na vipande vitatu vidogo. Kiasi ni kilekile, lakini mwambie huyo wa nne kwamba hajaonewa!

Njia nyingine ni hii. Mikate miwili ikatwe nusu kwa nusu, zinatoka nusu nne. Mkate wa tatu ukatwe robo, zinatoka robo nne. Kila mtu anachukua nusu moja na robo moja. Vipande vyote vinafanana na hakuna wa kulalamika. Kwa maandishi ni hivi:

3/4 = 1/2 + 1/4

Upande wa kulia, kila sehemu ina 1 juu, na hakuna sehemu iliyojirudia. Wanahisabati huziita sehemu za Kimisri, kwa sababu waandishi wa Misri ya kale waliandika karibu sehemu zao zote kwa mtindo huo. Mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmose yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo na ambayo sasa yako katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, yana maswali kadhaa ya kugawa mikate kwa watu 10.

Mlafi anafanyaje?

Kwa 3/4 unaweza kubahatisha jibu. Kwa sehemu ngumu unahitaji utaratibu, na ulio maarufu zaidi ni mbinu ya mlafi. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, aliieleza katika kitabu chake cha Liber Abaci cha mwaka 1202, miongoni mwa njia kadhaa.

Jina linajieleza. Mlafi akifika mezani anachukua kipande kikubwa kuliko vyote anachoruhusiwa. Kisha anaangalia kilichobaki, anachukua tena kikubwa kinachowezekana, na kuendelea hivyo mpaka sahani iwe tupu. Vipande anavyoruhusiwa ni vya aina moja tu: 1/2, 1/3, 1/4, 1/5 na kuendelea.

Tumpe 3/4. Ili kujua kipande cha kwanza, chukua asili (namba ya chini) ugawe kwa kiasi (namba ya juu): 4 ÷ 3 = 1.33. Hiyo si namba kamili, kwa hiyo unapanda hadi namba kamili inayofuata, yaani 2. Kipande cha kwanza ni 1/2.

Sasa toa:

3/4 − 1/2 = 3/4 − 2/4 = 1/4

Kilichobaki, 1/4, tayari kina 1 juu. Mlafi anakibeba chote na kazi imeisha. Hatua mbili tu.

Hapo kwenye kupanda ndipo wengi hukosea. Shuleni tumezoea kwamba 1.33 inakadiriwa kuwa 1, kwa hiyo mtu anaandika 1/1, yaani mkate mzima. Lakini mkate mzima ni zaidi ya robo tatu. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: ukitoa, unapata jibu hasi (3/4 − 1 = −1/4). Ukiona alama ya kutoa imejitokeza mbele ya baki, rudi nyuma, ulishuka badala ya kupanda.

Kwa nini hakuna kinachojirudia?

Mtu anaweza kuuliza: si rahisi kuandika tu 1/4 + 1/4 + 1/4? Ni kweli inafika 3/4, ila sharti limevunjwa, maana robo imeandikwa mara tatu. Ulafi wenyewe ndio unaozuia hilo. Mlafi anachukua 1/2 kwa sababu kipande kinachofuata kwa ukubwa, yaani 1, hakitoshi ndani ya 3/4. Sehemu yetu ni ndogo kuliko 1, kwa hiyo ukitoa nusu, baki lazima liwe chini ya nusu. Hapo 1/2 haiwezi kuingia tena. Hali ni hiyohiyo katika kila hatua: kipande kinachofuata huwa kidogo kuliko kilichotangulia.

Jaribu kumnyima ulafi uone. Anza na 1/3 badala ya 1/2:

3/4 − 1/3 = 9/12 − 4/12 = 5/12

Baki ni kubwa kuliko 1/3, ambayo ni 4/12. Ukirudi kwenye mbinu, 12 ÷ 5 = 2.4, unapanda hadi 3, na 1/3 inajirudia. Inabidi uikwepe kwa makusudi uchukue 1/4, libaki 2/12, ambayo ni 1/6. Jibu ni sahihi, 3/4 = 1/3 + 1/4 + 1/6, lakini sasa una vipande vitatu badala ya viwili.

Na kwa vipande viwili tofauti, 1/2 + 1/4 ndilo jibu pekee. Bila nusu, vipande viwili vikubwa unavyoweza kupata ni 1/3 na 1/4. Jumla yake ni 7/12, na robo tatu ni 9/12. Haifiki. Kwa hiyo nusu lazima iwepo, na mwenzake lazima awe robo.

Inaisha lini?

Mbinu hii haiwezi kukuzungusha milele. Angalia namba za juu kabla hujarahisisha: ulianza na 3/4, na ukitoa 1/2 kwa asili ya 8 unapata 6/8 − 4/8 = 2/8. Kiasi kimeshuka kutoka 3 hadi 2. Kinashuka namna hiyo kila hatua, na namba kamili zinazoshuka haziwezi kukwepa kufika 1.

Ila mlafi ana gharama yake, na 3/4 inaificha kwa sababu ni rahisi mno. Mpe 4/17 atakuletea:

1/5 + 1/29 + 1/1233 + 1/3039345

Nani atakata mkate vipande milioni tatu? Wakati huohuo, 1/5 + 1/30 + 1/510 inatoa 4/17 ileile kwa vipande vitatu. Tofauti imeanza kwenye kipande cha pili: mlafi alichukua 1/29 kwa sababu ni kubwa kidogo kuliko 1/30, na tamaa hiyo ndogo ikamwachia baki baya. 30 inagawanyika kwa 5, hivyo inaendana na kipande cha kwanza. 29 haiendani na chochote hapo.

Ahmose naye hakuwa mtumwa wa ulafi. Katika jedwali lake 2/13 imeandikwa 1/8 + 1/52 + 1/104, ilhali mlafi angesema 1/7 + 1/91. Jibu la mlafi ni fupi, lakini la Ahmose lina asili ambazo zote ni shufwa, na Wamisri walizidisha na kugawa kwa kurudufu: namba shufwa ikiwa chini, kurudufu ni kuikata nusu tu. 1/8 inakuwa 1/4, na 1/52 inakuwa 1/26. Jaribu kurudufu 1/7 na utarudi tena kwenye jedwali kutafuta 2/7.