Kontra inakataza mfanyakazi kwenda kwa mshindani: inamfunga wakati gani?

Kontra nyingi za kazi zina mstari unaosema kwamba mfanyakazi akitoka, hana ruhusa ya kufungua biashara sawa na ya patron wake ao kuajiriwa na mshindani wake. Wengi wanatia sahihi na kufikiri kwamba wamefungwa. Lakini sheria ya kazi ya DRC, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema katika artikle 53 kwamba mstari kama huo hauna nguvu. Huo ndio msingi.

Unapata nguvu kwa namna mbili tu: mfanyakazi akifukuzwa juu ya kosa zito, ao akiacha kazi mwenyewe bila patron kuwa na kosa zito. Hata hapo, masharti matatu yanapaswa kutimia yote. Mfanyakazi awe anajua wateja ao siri za biashara kiasi cha kuweza kumuumiza patron sana. Kazi anayokatazwa iwe ile aliyokuwa anaifanya. Na muda usipite mwaka mmoja tangu kontra ilipokwisha.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa depo ya dawa mjini Bukavu. Anazunguka kwenye mafarmasi ya Bukavu na Uvira, anajua nani ananunua nini na kwa bei gani. Kontra inamkataza biashara yoyote kwa miaka miwili, na akivunja, alipe dola 10 000. Depo ikipunguza wafanyakazi na kumuondoa bila kosa, yuko huru kuanza kesho yake kwa mshindani. Akiacha mwenyewe juu amepata mshahara mzuri kwingine, mambo yanabadilika, kwa sababu anajua wateja. Lakini «biashara yoyote» na «miaka miwili» vinavuka mipaka ya sheria, na hizo ndizo hoja zake mbele ya tribinali. Kama aliacha kazi kwa sababu patron alikuwa anamkata mshahara bila haki, hilo ni kosa zito la patron, na mstari unaanguka.

Faini yenyewe sheria inairuhusu. Ila ikiwa kubwa kupita kiasi, mfanyakazi anaweza kuomba tribinali ipunguze.

Siri ni jambo lingine. Mfanyakazi anapaswa kuchunga siri za kampuni na kuepuka ushindani usio wa haki hata nyuma ya kontra kwisha, bila kujali namna alivyotoka. Muuzaji wetu akibeba daftari la wateja na bei za depo, anaweza kushitakiwa. Ujuzi wake wa kuuza dawa ni wake.

Kwa hiyo barua inayoonyesha sababu ya kutoka ichungwe vizuri. Mzozo unaanzia kwa inspekta wa kazi, anayejaribu kupatanisha; bila hatua hiyo, tribinali haipokei kesi.