Kadi dola 200, simu dola 148: namna malipo mawili yanakuwa fakitire moja

Tuseme mama mmoja wa Bunia anaingia katika magazini ya vyombo vya umeme. Anachagua televizio ya dola 232 na stabilizatere ya dola 116, TVA ya 16% ikiwa ndani. Jumla ni dola 348. Kwenye kadi yake ya benki iko dola 200 tu. Zingine ziko kwenye simu, katika konti ya dola ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Anaweza kulipa kwa njia mbili, lakini uuzaji unabaki mmoja.

Kesie anafungua uuzaji wenye namba moja katika ordinatere. Kwa mwanzo, deni ya ule uuzaji ni dola 348. Kila malipo inayoingia inapunguza deni, na uuzaji haufungwe mpaka deni ifike zero.

Kadi ndiyo inaanza. Kesie anaandika 200 kwenye mashini ya kadi, hapana 348. Mashini inauliza benki ya mama, benki inaangalia kadi na salio, kisha inatoa ruhusa yenye namba yake. Hapo zile dola 200 zimefungiwa tu: mama hawezi kuzitumia tena, lakini hazijafika kwa magazini. Zitahama nyuma, wakati mashini itatuma hesabu za siku kwa benki. Deni sasa ni dola 148.

Kisha simu. Magazini inatuma ombi kwa namba ya mama. Anasoma jina ya magazini na bei, anaweka kode yake ya siri, na makuta inahama palepale. Kampuni ya simu inatuma mesaji yenye namba ya malipo. Deni inafika zero. Ni hapo tu fakitire inatoka, na televizio na stabilizatere zinatolewa kwenye stoki mara moja. TVA ya dola 48 inahesabiwa mara moja pia, juu ya uuzaji, hapana juu ya kila malipo. Chini ya fakitire kunaandikwa mistari miwili: kadi 200, simu 148, kila mmoja na namba yake.

Juu ya nini kadi mbele? Kwa kawaida, ruhusa ya kadi ni rahisi kufuta siku ileile, mbele mashini itume hesabu. Lakini makuta ya simu ikisha kwenda, kuirudisha kunaomba magazini yenyewe itume tena, ao kampuni ya simu iingilie. Kwa hiyo malipo ngumu kurudisha inawekwa ya mwisho.

Shida kubwa inakuja rezo ikikatika katikati. Kadi imepita, mama ameweka kode, lakini kwa kesie hakuna jibu. Kesie anasema: «Mama, rezo imekata, tutume tena.» Hapo ndipo watu wanalipa mara mbili. Kukosa jibu si kusema malipo imekataliwa. Pengine imepita, ni mesaji tu haijafika. Mama aangalie salio ya konti yake kwanza. Kama imepungua dola 148, malipo iko, na kesie atafute namba yake katika konti ya magazini. Kama haijapungua, na konti ya magazini haionyeshe kitu, ndipo ombi la pili linaweza kutumwa.

Kama simu imekataa kabisa na mama hana njia ingine, uuzaji hauwezi kubaki nusu. Kesie anapaswa kufuta ile ruhusa ya dola 200 kwenye mashini ileile, na kumupa mama karatasi ya kufuta. Salio ya kadi inaweza kukawia siku kadhaa mbele irudi, kufuatana na benki. Akienda benki kuuliza, ile karatasi na namba ya ruhusa ndiyo vitamusaidia.

Na kama stabilizatere inaharibika, magazini inakubali kuirudisha? Dola 116 zinapaswa kurudi kwa njia zilezile. Zinaweza kurudi zote kwa simu, sababu simu ililipa 148, ao zote kwa kadi, ao kugawanywa. Sheria ni moja: njia hairudishiwe kupita ile ililipa. Kama ni televizio ya dola 232 inarudi, hakuna njia moja inayotosha: kadi mwisho wake ni 200, na zile zingine 32 zinapita kwa simu.

Kwa hiyo mama asiache fakitire ile, wala karatasi ya kadi, wala mesaji ya simu. Vitatu pamoja ndivyo vinaonyesha uuzaji mmoja.