Mchoro wa bloku wa kidhibiti joto cha chumba

Mchoro huu huanzia kwenye duara la kujumlisha: joto linalotakiwa huingia kwa alama ya kujumlisha, joto lililopimwa hurudi kwa alama ya kutoa, na tofauti yao huitwa kosa. Tuseme kidhibiti hutoa kilowati 0.5 kwa kila digrii ya kosa, na kitendakazi cha uhamisho cha chumba ni G(s) = 8/(60s + 1), muda ukipimwa kwa dakika; yaani kila kilowati hatimaye huongeza digrii 8. Nje kukiwa 5°C na lengo 21°C, chumba hutulia kwenye 17.8°C. Hita haiwaki pasipo kosa: digrii 3.2 huleta kilowati 1.6, nazo huongeza digrii 12.8 tu.