Mkadiriaji hasara akija dukani: mwonyeshe nini, na umpinge vipi

Kwa miaka niliyofanya kazi ya uwakala wa bima hapa Mombasa, swali ninaloulizwa zaidi baada ya moto ni hili: "Yule aliyetumwa na kampuni, yuko upande wa nani?"

Mkadiriaji hasara hulipwa na kampuni ya bima, lakini leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, na anatakiwa aandike alichokiona bila kupendelea. Huangalia mambo matatu: chanzo cha hasara, kama bima yako inakiingiza chanzo hicho, na hasara ni ya shilingi ngapi. Yeye hupendekeza tu. Anayeamua kulipa ni kampuni. Kwa hivyo hana mamlaka ya kukuahidi malipo wala kukunyima pale pale dukani.

Kabla hajafika, piga picha za kila pembe. Toa maji, funika paa, okoa kilicho kizima, maana bima hukutaka uzuie hasara isizidi. Lakini usitupe vilivyoungua. Mabaki ndiyo ushahidi wako wa idadi, na pia yana thamani ambayo hupunguzwa kwenye malipo. Ukiyatupa, utabaki na neno lako tu.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe, au mtu anayeijua stoo. Mpe nakala za ankara za manunuzi, daftari la mauzo, taarifa za benki na M-Pesa, nambari ya OB ya polisi na ripoti ya zimamoto, na umwombe akutilie saini kwenye orodha ya ulichompa. Swali usilokuwa na jibu lake, mwambie utaangalia kisha umjibu kwa maandishi. Wala usiongeze vitu ambavyo havikuwepo. Uongo mmoja unaweza kuangusha dai zima, hata sehemu iliyo kweli.

Ugomvi mwingi nilioushuhudia hutokana na kanuni ya uwiano. Maana yake ni kwamba ukikatia bima sehemu tu ya mali, utalipwa sehemu tu ya hasara. Tuchukue mfano wa duka la leso na madira mtaa wa Biashara. Bima ni ya shilingi 1,200,000. Moto unazuka wiki moja baada ya Idi na kuunguza mali ya 500,000. Mkadiriaji anajumlisha ankara za kabla ya Ramadhani na kuandika kwamba dukani mlikuwa na mali ya 2,000,000. Bima ni asilimia 60 ya hiyo, basi hasara inakuwa 300,000. Ukitoa asilimia 10 ambayo mkataba unasema mwenye mali ajibebee, zinabaki 270,000.

Kosa liko wapi? Mali hupimwa kwa thamani yake siku ya moto, na sehemu kubwa ilikuwa imeshauzwa kwa sikukuu. Daftari la mauzo likionyesha kuwa mali iliyobaki ilikuwa ya 1,500,000, bima inakuwa asilimia 80. Hasara inakuwa 400,000, na baada ya makato ni 360,000. Tofauti ya shilingi 90,000 imetoka kwenye tarakimu moja tu, ile ya mali yote. Watu wengi hugombana juu ya vilivyoungua, na tarakimu hiyo hawaiulizi kabisa.

Kwa hivyo ukiletewa kiasi usichokubali, omba kwa maandishi hesabu yake na nakala ya ripoti. Jibu kipengele kwa kipengele, ukiambatanisha karatasi. Unaweza pia kumwajiri mkadiriaji wako mwenyewe mwenye leseni, ila gharama ni yako, basi pima kwanza kama tofauti inayobishaniwa inastahili.

Usitie saini hati inayosema umepokea malipo kamili na ya mwisho kama bado unabisha. Ukishaitia, mlango huwa umefungwa karibu kabisa. Uliza kama kampuni itakulipa kiasi kisichobishaniwa huku kilichobaki kikijadiliwa.

Kampuni ikishikilia msimamo, peleka malalamiko IRA, pamoja na mkataba, barua zote na hesabu yako. Tazama pia kifungu cha usuluhishi kwenye mkataba: bima nyingi za moto husema kwamba kampuni ikikubali kulipa na mkatofautiana juu ya kiasi tu, shauri liende kwa msuluhishi kabla ya mahakamani. Dai likikataliwa kabisa, njia ni mahakama, na mikataba mingi huweka muda wa mwisho wa kufungua kesi. Tafuta tarehe hiyo siku unayopokea barua ya kukataliwa, kwa sababu malalamiko yako IRA yasidhaniwe kuwa yanausimamisha muda huo.