Gouda ya Masisi, fromaji ya Goma: jina ni la nani?

Wiki hii hatuandiki habari ya mgao wala ya karatasi. Tunaandika habari ya fromaji, ile wanayoiita jibini huko Tanzania, juu ilituletea ubishi mkubwa pale Buyenzi.

Mambo yalianza hivi. Mama mmoja wa kwetu Kivu, aliyejifunza kutengeneza fromaji kule Masisi kabla ya kukimbia, alitaka kuanza tena kazi yake hapa Burundi kwa maziwa ya milima ya Mugamba. Akatuomba sisi vijana tumchoree lebo. Akasema tuandike "Gouda, fromaji ya Goma". Kijana mmoja wetu akakataa: "Mama, Gouda ni mji wa Uholanzi, na Goma hauko Burundi. Majina yote mawili si yako." Mama akajibu: "Mikono ni ile ile, fromaji ni ile ile. Vita vilininyang'anya ng'ombe, na jina pia mnaninyang'anya?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tukaenda kutafuta, na haya ndiyo tuliyopata.

Tuanze na Gouda wenyewe. Ni mji mdogo wa Uholanzi. Zamani wakulima wa vijiji vya kandokando walitengeneza fromaji nyumbani kwao, wakaipeleka kuuza Gouda kwa sababu soko lilikuwa pale. Mpaka leo iko pale nyumba ya kupimia fromaji, iliyojengwa mwaka 1668. Kwa hiyo jina halikutoka kwenye jiko, lilitoka sokoni. Mnunuzi aliyetoka mbali hakujua kijiji cha mkulima, alijua tu mahali aliponunua.

Sasa tazameni kwetu. Fromaji ya Goma haitengenezwi mjini Goma. Inatengenezwa kwenye malisho ya Masisi, juu milimani, halafu inateremshwa kwa pikipiki na kwa magari kupitia Sake mpaka sokoni Goma. Kutoka hapo inasafiri Bukavu, Kinshasa na kwingine, na kila anayeila huko anasema amekula fromaji ya Goma. Ni hadithi ile ile ya Gouda: kijiji kinafanya kazi, soko linachukua jina.

Na ufundi ulifikaje Masisi? Wazee wetu wanasema ulikuja na mapadri wa Ulaya, na wafugaji wakaujifunza kwao. Ni ufundi wa Gouda hasa. Maziwa yanapashwa moto kidogo, karibu digrii 30, yanatiwa dawa ya kugandisha inayotoka kwenye tumbo la ndama. Yakiganda yanakatwa vipande vidogo, maji yake yanapunguzwa na kutiwa maji safi ya moto badala yake. Hapo ndipo siri ilipo: kule kuosha kunaondoa sehemu ya sukari ya maziwa, ndiyo maana Gouda haiwi chachu sana. Kisha inakandamizwa ndani ya kibao cha duara, inalowekwa kwenye maji ya chumvi, inapangwa kwenye rafu ikomae. Kilo moja inakula karibu lita 10 za maziwa. Basi mapadri walileta ufundi, na jina likaja pamoja nao.

Hapo swali: Waholanzi waliruhusu? Ukweli ni kwamba walichelewa. Wakulima waliohama na watu waliojifunza kwao walitengeneza Gouda katika nchi nyingi, na watu wakazoea kwamba Gouda ni aina ya fromaji, si mahali. Mwaka 1966 Codex, yaani tume ya vyakula ya FAO na OMS, ilitoa kanuni ya Gouda kwa dunia nzima. Ile kanuni inasema Gouda lazima iweje, lakini haisemi lazima itoke Uholanzi. Inataka tu nchi ilikotengenezwa itajwe. Jina lilikuwa limeshatoka nyumbani, limekuwa la wote.

Mwaka 2010 Waholanzi walijaribu kuokoa kilichobaki. Umoja wa Ulaya ukakubali kulinda jina refu, "Gouda Holland". Hilo ni lazima litoke Uholanzi, kwa maziwa ya ng'ombe wa Uholanzi, na fromaji ikomae siku 28 angalau. Lakini sheria ile ile ikasema wazi kwamba neno "Gouda" peke yake linabaki huru. Kwa hiyo kijana wetu alikosea kwa sehemu hiyo: mama anaweza kuandika "Gouda", na chini yake aandike "Imetengenezwa Burundi". Asithubutu tu kuandika "Gouda Holland" wala kuchora vinu vya upepo vya Uholanzi, maana hapo atakuwa anamdanganya mnunuzi.

Wengine mtauliza: mbona Amstel inapikwa hapa hapa Bujumbura, na Amstel ni mto wa Amsterdam? Hapa tusichanganye mambo mawili. Amstel ni chapa ya biashara, na chapa ina mwenyewe. Kampuni ya Amstel ilianzishwa Amsterdam mwaka 1870, Heineken wakainunua mwaka 1968, na Brarudi wanaipika hapa kwa ruhusa ya mwenye chapa. Mwenye chapa anaweza kuiuza au kuikodisha popote, hata mahali ambapo mto Amstel haujulikani. Jina la mahali linalolindwa halifanyi hivyo. Si la kampuni moja, ni la kila mtu anayetengeneza kitu kile mahali pale kwa kufuata utaratibu uliokubaliwa. Na haliuzwi. Mtu akihama, analiacha.

Sheria ya dunia juu ya mambo haya iko ndani ya mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza mwaka 1995. Burundi na Kongo zote ni wanachama wa shirika hilo. Mkataba unaweka ngazi mbili. Kwa vyakula vingi kosa ni kumpotosha mnunuzi kuhusu mahali kitu kilipotoka. Kwa mvinyo na pombe kali sheria ni ngumu zaidi: hata ukiandika ukweli, kwa mfano "aina ya Shampeni, imetengenezwa Burundi", jina lenyewe linaweza kukatazwa. Lakini mkataba una mlango pia: nchi hailazimiki kulinda jina ambalo kwake limeshakuwa neno la kawaida la kitu kile. Ni kwa mlango huo Gouda ilipita.

Je, jina likishapotea linaweza kurudi? Mara chache, na kwa vita virefu. Mfano ni feta ya Wagiriki, ambayo kwao inatokana na maziwa ya kondoo, na ya mbuzi kidogo. Wadenmaki walikuwa wanaitengeneza kwa maziwa ya ng'ombe na kuiuza nchi nyingi. Umoja wa Ulaya uliwapa Wagiriki ulinzi mwaka 1996, ukafutwa mwaka 1999, ukarudishwa mwaka 2002, na mahakama ya Ulaya ikauthibitisha mwaka 2005. Wadenmaki wakabadilisha lebo kwa soko la Ulaya, lakini wakaendelea kuuza nje ya Ulaya kwa jina la feta. Mwaka 2022 mahakama ile ile ikasema hapana, hata hiyo ya kuuza nje Denmark ilipaswa kuizuia. Wagiriki walipambana zaidi ya miaka 25 kwa neno moja la herufi nne.

Turudi kwa mama yetu na nusu ya pili ya lebo: "fromaji ya Goma". Hapa kijana alikuwa na haki, na ilituuma kukubali. Fromaji ya Mugamba si fromaji ya Goma. Mnunuzi wa Bujumbura akisoma vile ataamini imevuka mpaka. Na hata ladha si moja, kwa sababu majani ya milima ile, udongo wake wa volkano na baridi yake havikuvuka pamoja na mama. Burundi nayo ina sheria ya mali ya viwanda ya mwaka 2009, inayotambua majina ya mahali. Kuna sababu nyingine pia: wako wafugaji waliobaki Masisi. Tukiandika Goma kwenye kila fromaji tunayotengeneza ukimbizini, Burundi, Uganda, Kenya, basi baada ya miaka 30 "Goma" itakuwa kama "Gouda", neno la aina ya fromaji tu. Sisi wenyewe tutakuwa tumewamalizia ndugu zetu jina lao.

Tulimweleza mama hivyo kwa heshima. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: "Basi mimi nimebaki na nini?" Tukamwambia: umebaki na ufundi. Sheria hizi hazikatazi mikono yako kufanya kazi. Kuosha maziwa, kukandamiza, kuloweka chumvini, hayo hakuna anayeweza kukuzuia. Zinachofunga ni neno linalosema mahali.

Lebo tuliyochora mwishoni inasema: "Gouda ya Mugamba. Imetengenezwa Burundi na fundi kutoka Masisi." Kila neno ni kweli. Masisi imo, lakini inamtaja mtu, haitaji fromaji.

Na jina la Goma lenyewe, lilindwe vipi? Njia inajulikana. Watengenezaji wa sehemu ile wanaungana kuwa kikundi kimoja. Wanachora ramani: vijiji gani vimo, vipi havimo. Wanaandika utaratibu: maziwa ya ng'ombe gani, siku ngapi za kukomaa, umbo gani. Wanaonyesha fromaji ile inapata nini kutoka kwa ardhi ile. Wanachagua wa kukagua, kisha wanaomba kusajiliwa. Wakulima wa pilipili ya Penja, kule Kameruni, walipita njia hiyo hiyo, na jina lao likasajiliwa mwaka 2013.

Lakini angalieni hatua ya kwanza: watengenezaji waungane, wawe pale. Ramani inataka watu walio juu ya ardhi yao. Pale Masisi wafugaji wamekimbia mara nyingi, ng'ombe wameporwa, na vijiji vingine vimebaki bila watu. Waholanzi walipoteza jina lao kwa kuchelewa, wakiwa wamekaa kwao kwa amani. Sisi jina letu bado ni letu. Wanaokosekana ni watu wa kwenda kulisajili.

Mama ameanza na lita 20 kwa siku. Hesabuni wenyewe ni kilo ngapi. Akikuuzieni, someni lebo.